Hitilafu ya 11 kV iliyojificha nyuma ya delta: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kilitokea katika kiwanda kimoja Afrika Mashariki. Jina, mahali na tarehe nimeviondoa, na namba za mtambo nimezikunja kidogo ili hesabu zifuatike kwa urahisi. Mtiririko wa matukio nimeuacha kama ulivyokuwa. Nilishiriki upande wa hesabu, baada ya mtambo kuharibika.

## Mtambo ulivyokuwa

Kiwanda kinapokea umeme wa 33 kV kutoka shirika la umeme. Getini pana breka ya 33 kV yenye rilei ya kidijitali. Kutoka hapo nguzo zinavusha laini mita 600 ndani ya uwanja hadi kwenye transfoma ya 10 MVA, 33/11 kV, kundi la Dyn11: nyuzi zimeungwa kwa delta upande wa 33, kwa nyota upande wa 11, na nyutro ya nyota imefungwa moja kwa moja ardhini. Kebo tatu, kila moja ya fezi yake, zinatoka kwenye sanduku la kebo la transfoma hadi chumba cha swichi cha 11 kV, na humo ndimo ilimo breka ya 11 kV pamoja na CT zake, yaani transfoma ndogo za kupimia mkondo.

Ulinzi wa transfoma upande wa umeme ulikuwa huo wa getini tu. Rilei ya mkondo uliozidi iliwekwa ianze kwa amperi 220, mkunjo wa kawaida wa IEC, kizidishi cha muda 0.3. Hatua yake ya papo kwa papo ilikuwa amperi 1,625. Kipengele cha hitilafu ya ardhi kilianza kwa amperi 40. CT ya nyutro ilikuwepo kwenye transfoma tangu kiwandani ilikoundwa, lakini nyaya zake zilikuwa zimefungwa pamoja ndani ya kisanduku cha vituo, hazikufika kwenye rilei yoyote. Rilei ya kulinganisha mikondo ya pande mbili za transfoma haikuwepo. Kulikuwa na rilei ya Bukholzi, inayohisi gesi kwenye mafuta ya transfoma, na vipima joto, lakini vyote havioni kinachotokea nje ya tangi.

Angalia pengo lililobaki. Hitilafu yoyote kati ya nyuzi za transfoma na breka ya 11 kV iko kabla ya CT za breka hiyo, kwa hiyo breka ya 11 kV haiwezi kuiona wala kuikata. Inabaki kazi ya rilei ya getini, inayotazama kupitia delta.

## Usiku wenyewe

Saa nane usiku, mzigo ukiwa mdogo, breka ya getini ilijikata. Rekodi ya rilei ilionyesha hivi:

```
IA = 760 A
IB = 748 A
IC =  21 A
IN =   4 A
t  = 1.67 s
```

Fundi wa zamu aliisoma kama wengi wangeisoma: mkondo mkubwa kwenye fezi nyekundu na njano, bluu imetulia, ardhini hakuna kitu. Kwa hiyo waya mbili zimegusana, na kwa kuwa rilei iko kwenye 33 kV, zimegusana kwenye 33 kV. Timu ilitembea na tochi mita zote 600, ikamulika vikombe nguzo kwa nguzo, ikatafuta tawi la mti au ndege aliyeungua. Fundi mkuu alimpigia mhandisi: "Mhandisi, laini ni safi kuanzia getini mpaka transfoma. Huenda ilikuwa upepo tu."

Alfajiri breka ilifungwa tena. Safari hii mikondo ilianza vilevile, nyekundu na njano, lakini baada ya takriban sekunde 0.8 fezi zote tatu zilipanda hadi karibu amperi 1,200. Breka ilikata kwenye sekunde 1.43. Waliokuwa karibu waliona kifuniko cha sanduku la kebo la 11 kV kikifumuka na moto ukitoka.

Sanduku lilipofunguliwa, chanzo kilionekana. Raba ya kuzuia maji ilikuwa imepasuka, unyevu uliingia, na ncha ya kebo ya fezi nyekundu ikaanza kupitisha umeme juu ya uso wake hadi bati la sanduku. Hiyo ndiyo hitilafu ya kwanza: waya mmoja na ardhi, upande wa 11 kV. Mara ya pili moto ulisambaa hadi fezi nyingine mbili. Bushingi mbili za kaure zilipasuka na mafuta yakavuja.

## Hesabu ambayo ingeonyesha mahali

Hitilafu ya fezi tatu ina ulinganifu, kwa hiyo unahesabu fezi moja na nyingine mbili zinafuata. Waya mmoja ukigusa ardhi ulinganifu unavunjika, na fezi moja haiwezi tena kusemea nyingine. Mwaka 1918 Charles Fortescue alionyesha kwamba mikondo mitatu isiyolingana inaweza kuandikwa kuwa jumla ya seti tatu zinazolingana: mfuatano chanya, unaozunguka kama mtandao wenyewe, mfuatano hasi, unaozunguka kinyume, na mfuatano sifuri, ambao mikondo yake mitatu iko sawa kabisa kwa ukubwa na kwa mwelekeo. Kila seti inapita kwenye mtandao wake wenye impedansi yake, na mwishoni unazijumlisha.

Kwenye hitilafu yetu fezi nyekundu ndiyo inayobeba mkondo kwenda ardhini, na mzigo tunauacha pembeni, kwa hiyo mikondo ya hitilafu kwenye njano na bluu ni sifuri. Ukiiweka hali hiyo kwenye fomula za Fortescue, mikondo mitatu ya mifuatano inatoka sawa, kila mmoja theluthi moja ya mkondo wa hitilafu. Mikondo ikiwa sawa, mitandao mitatu imeungwa moja nyuma ya nyingine. Hapa 1, 2 na 0 ni mfuatano chanya, hasi na sifuri, E ni voltiji ya fezi, na Zf ni impedansi ya mahali pa hitilafu:

```
I1 = I2 = I0 = E / (Z1 + Z2 + Z0 + 3Zf)
Ia = 3 * I0
```

Ile tatu mbele ya Zf inatokana na ukweli kwamba mahali pa hitilafu panapita mara tatu ya I0, wakati mtandao wa sifuri unahesabiwa kwa I0 moja.

Sasa namba. Msingi wetu wa hesabu ni 10 MVA, na kila kipimo tunakiandika kama sehemu ya msingi huo, yaani pu, kwa hiyo mkondo wa msingi ni amperi 525 upande wa 11 kV na amperi 175 upande wa 33. Nguvu ya hitilafu ya gridi pale kiwandani ni 250 MVA, sawa na impedansi ya 0.04. Transfoma ina asilimia 10, yaani 0.10. Z1 ni 0.14, na Z2 ni hiyohiyo kwa kuwa gridi na transfoma hazibagui mwelekeo wa kuzunguka.

Z0 ndiyo inayotaka umakini. Mikondo ya mfuatano sifuri inatoka ardhini, inapanda kwenye nyutro na kuingia katika nyuzi tatu za nyota kwa pamoja. Kila uzi wa nyota unasukuma mkondo katika uzi wa delta ulio kwenye mguu uleule wa chuma, na kwa kuwa mikondo hiyo mitatu ya delta iko sawa, inazunguka ndani ya delta bila kupata njia ya kutoka kwenye waya za 33 kV. Gridi haihusiki kabisa. Kwa hiyo Z0 ni ya transfoma peke yake, 0.10. Kwenye transfoma zenye chuma cha miguu mitatu thamani halisi mara nyingi hupungua kidogo chini ya Z1 ya transfoma, na ripoti ya majaribio ya mtengenezaji ndiyo ya kuaminiwa.

```
Fezi tatu:        1 / 0.14                   = 7.14 pu = 3,750 A
Waya na ardhi:    3 / (0.14 + 0.14 + 0.10)   = 7.89 pu = 4,144 A
```

Kwa hiyo waya mmoja ukigusa ardhi hapo, mkondo unazidi ule wa fezi tatu. Wengi huchukua hitilafu ya fezi tatu kuwa ndiyo kubwa kuliko zote na kuishia hapo. Karibu na transfoma ya delta na nyota yenye nyutro iliyofungwa moja kwa moja ardhini, si hivyo.

Hatua inayofuata ndiyo iliyokosekana usiku ule: kuivusha mikondo hii upande wa pili wa transfoma. Sifuri inabaki ndani ya delta. Kwa Dyn11, ukitoka 11 kV kwenda 33 kV, mfuatano chanya unarudi nyuma digrii 30 na mfuatano hasi unakwenda mbele digrii 30. Kila mmoja ni 2.63 pu. Ukijumlisha:

```
IA = 2.63 * (1∠-30° + 1∠+30°)   = +4.56 pu = 798 A
IB = 2.63 * (1∠210° + 1∠150°)   = -4.56 pu = 798 A
IC = 2.63 * (1∠90°  + 1∠270°)   =  0
IA + IB + IC = 0
```

Fezi mbili zina mikondo sawa inayopingana, ya tatu haina kitu, na jumla yake ni sifuri. Rilei ya getini ilionyesha picha hiyohiyo. Waya mmoja na ardhi kwenye 11 kV, ukitazamwa kutoka upande wa delta, una sura ya waya mbili kugusana. Amperi 21 za bluu zilikuwa mzigo wa usiku, na zile 4 za IN ni kutolingana kidogo kwa CT.

Picha inafanana, lakini ukubwa wa mkondo unaitenganisha. Kama waya mbili zingegusana kweli kwenye 33 kV, gridi ya 250 MVA ingetoa amperi 4,374 kwa fezi tatu, na kwa fezi mbili asilimia 87 ya hizo, karibu amperi 3,790. Mita 600 za laini hazibadilishi kitu cha maana. Hatua ya papo kwa papo ya amperi 1,625 ingekata mara moja. Rilei iliyosoma 760 na kungoja sekunde 1.67 ilikuwa inaeleza kwamba impedansi ya transfoma iko kati yake na hitilafu. Hakukuwa na sababu ya kuitembea laini.

Rekodi ilikuwa na kitu kingine pia. Mkondo wa 33 kV ukizidishwa mara 5.196, ambao ni uwiano wa 33,000 kwa voltiji ya fezi ya 6,351, unapata mkondo wa hitilafu upande wa 11: 760 zinatoa amperi 3,949. Hesabu safi ilitoa 4,144. Pengo hilo linatoshelezwa na ukinzani wa moto wa takriban nusu omu, jambo la kawaida kwa cheche ndani ya sanduku. Na mkunjo wa IEC, kwa 760 juu ya 220 na kizidishi 0.3, unatoa sekunde 1.67 kamili. Rilei ilifanya kazi yake sawasawa.

## Maamuzi yaliyopendekezwa na yaliyochukuliwa

Uamuzi mzito wa usiku ule ulikuwa kufunga breka tena. Unaeleweka: uzalishaji ulikuwa umesimama, laini ilionekana safi, na hitilafu za kupita ni za kawaida kwenye waya za hewani. Lakini ulitegemea usomaji mmoja wa rekodi, na usomaji huo haukupimwa kwa namba. Baada ya kujikata mara ya kwanza, hasara ilikuwa ncha moja ya kebo na raba. Baada ya mara ya pili ilikuwa ncha tatu, bushingi mbili na mafuta ya transfoma.

Kwenye kikao cha baadaye mapendekezo mawili yalitolewa ya kurekebisha rilei ya getini.

La kwanza lilikuwa kushusha kipengele cha hitilafu ya ardhi kutoka amperi 40 hadi 10, "ili ikamate mapema". Tulilikataa. Kipengele hicho kinapima jumla ya mikondo mitatu ya 33 kV, na kwa hitilafu ya ardhi ya upande wa 11 jumla hiyo ni sifuri. Ukiiweka 10, au 5, au 1, hakuna cha kukamata. Utakachopata ni breka kujikata bure pale CT zinapopotoka wakati transfoma inawashwa. Kipengele hicho kibaki kwa kazi yake, hitilafu za ardhi za 33 kV yenyewe na za nyuzi za delta. Hapo ni chombo kizuri, kwa sababu delta inakizuia kuona ya upande wa pili na hivyo hakihitaji kungoja mtu.

La pili lilikuwa kushusha hatua ya papo kwa papo hadi amperi 700. Hilo lingekamata hitilafu ya sandukuni, lakini lingekamata pia hitilafu ya fezi tatu kwenye laini yoyote ya 11 kV ya karibu, ambayo huonekana getini kama amperi 1,250, na kiwanda kizima kingezimika kwa kosa la pampu moja. Mkondo wa kuwashia transfoma, ambao unaweza kuwa mara kadhaa ya amperi 175, nao ungeikata.

Lililokubaliwa ni kwenda kupima mahali ambapo mfuatano sifuri upo, yaani kwenye nyutro. CT ya nyutro ilifunguliwa pingu zake na kuunganishwa. Kwenye breka ya 11 kV ziliwekwa CT tatu mpya zenye uwiano uleule, na rilei ya hitilafu ya ardhi yenye mipaka ikawekwa kati ya CT hizo na ile ya nyutro. Hitilafu ikiwa ndani ya eneo, kwenye nyuzi, sandukuni au kwenye kebo hadi chumba cha swichi, nyutro inabeba mkondo ambao CT za breka haziuoni, na rilei inakata bila kungoja. Hitilafu ikiwa nje, vinavyoonekana pande zote mbili vinafutana. Waya ya amri ilivutwa mita 600 hadi breka ya getini, kwa kuwa hiyo ndiyo peke yake inayoweza kuondoa umeme sandukuni. Juu ya hapo CT ya nyutro ililisha pia rilei ya akiba yenye kuchelewa, kwa ajili ya hitilafu za ardhi za 11 kV zitakazoshindwa kukatwa na breka zake.

## Matokeo

Transfoma ilirudi kazini baada ya bushingi, ncha za kebo na mafuta kushughulikiwa. Kwenye majaribio, rilei mpya na breka ya getini kwa pamoja zilimaliza kukata kwa takriban sekunde 0.1, badala ya 1.67 pamoja na muda wa breka.

Jaribio lililochukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa la mwelekeo wa CT ya nyutro. Ikiunganishwa kinyume, mikondo inayopaswa kufutana inajumlishwa, na rilei itakata kwa kila hitilafu ya ardhi iliyo nje. Mkondo wa kawaida wa mzigo hauonyeshi kosa hilo, kwa sababu mzigo uliolingana haupiti kwenye nyutro. Ilibidi kupitisha mkondo wa majaribio kwenye fezi moja na kurudi kupitia nyutro, kisha kusoma mkondo wa tofauti kwenye rilei. Fezi mbili zilisoma karibu sifuri. Ya bluu ilisoma mara mbili ya ilivyotakiwa, na ikagundulika CT yake ilifungwa ubavu usio sahihi. Iligeuzwa, jaribio likarudiwa kwa zote tatu.

## Kilichofaa, kilichoshindwa, na mipaka ya hesabu

Rilei ya getini ilifaa. Iliwekwa kwa kiwango ambacho hata mkondo uliopungua kupitia delta ulitosha kuianzisha, mara 3.5 ya kiwango cha kuanzia. Rekodi yake pia ilikuwa kamili, pamoja na mikondo ya kila fezi, na bila rekodi hiyo uchambuzi huu usingewezekana.

Kilichoshindwa ni utafiti wa ulinzi uliofanywa wakati wa usimikaji. Jedwali lake lilikuwa na hitilafu za fezi tatu tu. Kwa muda wa kukata liliandika sekunde 1.19 kwa amperi 1,250, na mtu akilisoma angeridhika. Safu moja zaidi ya waya na ardhi ingeonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba mkondo sandukuni unapanda hadi 4,144, na kwamba getini unashuka hadi 798 na muda unasogea hadi sekunde 1.61. Mkubwa zaidi mahali pa madhara, mdogo zaidi mahali pa kupimia.

Hesabu yenyewe ina mipaka. Tuliacha ukinzani wa gridi na wa transfoma, na tukaacha mota, ambazo mchana zingechangia mkondo wa chanya na hasi kwa vipindi vichache vya mwanzo. Usiku ule zilikuwa chache. Kwa hitilafu ya mbali, mwishoni mwa laini ndefu ya 11 kV, kurahisisha huko kusingefaa, kwa kuwa Z0 ya laini ya hewani ni kubwa mara kadhaa kuliko Z1 yake na mkondo wa ardhi unashuka sana.

Kilibaki kitu kimoja mezani. Uongozi wa kiwanda, ukiwa na sababu nzuri ya kuogopa amperi 4,000 sandukuni, uliomba nyutro iwekewe kipingamizi cha karibu omu 16 ili mkondo wa ardhi usizidi 400. Hesabu inakubali: mara tatu ya 16 inaingia kwenye mtandao wa sifuri, na mkondo unashuka hadi karibu 400. Lakini amperi 400 zikivuka delta zinakuwa 77 getini, na rilei pale inaanza kwa 220. Isingekata kamwe, na ncha ya kebo ingeungua mpaka hitilafu igeuke kuwa ya fezi mbili au tatu. Kwa hiyo tuliandika kwenye ripoti kwamba kipingamizi kiwekwe tu baada ya rilei ya nyutro kujaribiwa na kukubaliwa, na kwamba siku rilei hiyo ikitolewa kwa matengenezo, transfoma izimwe.